Sketi Iliyopunguzwa Kiunoni

Mwezi huu tuzungumzie maneno yanayotutoka wenyewe mwenzetu anapopita: amekonda, amenenepa, gauni limembana, blauzi ile amenunua wapi na kwa fedha ya nani.

Sisi wa Ngara na Biharamulo tuna sababu ya kuyaogopa maneno hayo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Watu walikuwa hawajui ni ugonjwa gani, wakauita Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiingizwa kwa magendo kutoka Uganda. Wenzetu wa Uganda waliuita Slimu, yaani wembamba. Hivyo vazi na mwili vikafanywa ushahidi: mwanamke aliyependeza alishukiwa, na aliyekonda alihukumiwa. Kumbe mtu asiyetibiwa aweza kukaa na virusi miaka minane au kumi akiwa mnene na mwenye nguvu, na yule mwembamba huenda ana kifua kikuu, kisukari, au hana chakula cha kutosha nyumbani. Macho yetu hayakuweza kupima hata kidogo, lakini midomo ilikwisha toa majibu.

Je, tumeacha? Tuwasimulie yaliyotupata katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, huku Ngara. Siku moja fundi cherehani, ambaye ni mwenzetu, alisema kwa sauti ya chini kwamba mama fulani ameleta sketi ileile mara mbili ipunguzwe kiunoni. Mara ya kwanza inchi mbili, mara ya pili inchi mbili tena. Tulisogeza viti. Mmoja akakumbuka sweta alilovaa siku ya jua kali, mwingine safari za mume wake. Tusifiche: ilikuwa saa tamu. Hata wawili waliokuwa hawasemeshani kwa sababu ya deni walicheka pamoja.

Utamu huo una sababu yake. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2006 kwamba watu wasiofahamiana wakigundua kuwa wote wawili hawampendi mtu fulani, hujiona wamekuwa karibu zaidi kuliko wakigundua kuwa wote wanampenda. Anayekunong'oneza amekupa kitu cha hatari, nawe unajiona umeaminiwa. Tena mwili na nguo havihitaji uchunguzi. Kila mwenye macho ana la kuchangia.

Lakini tulipomaliza kikao siku ile, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Tulizungukazunguka mlangoni, tukatafuta vikapu ambavyo havikupotea. Kila mmoja alijua kwamba atakayetangulia ndiye atakayefuata kusemwa. Wiki zilizofuata fundi alikosa kazi zetu, ingawa sote tulimsikiliza kwa furaha. Nani ampelekee kiuno chake apimwe? Utafiti mwingine, wa mwaka 1998, ulionyesha kwamba msikilizaji humpachika msemaji mwenyewe sifa zile anazomsema nazo mwingine, bila hata kujitambua. Ukisema fulani ni mchafu, kidogo uchafu ule unakubakia wewe.

Naye mwenye sketi? Maneno yalimfikia, kama yafikavyo siku zote. Alikuwa akikohoa. Kikohozi kikizidi wiki mbili hutakiwa kupima makohozi, lakini zahanati yetu ya jirani ndipo tunapokutana sote na watoto mgongoni, naye hakutaka kuonekana kwenye benchi lile. Alikaa miezi miwili akinywa dawa za dukani, huku akilala chumba kimoja na wanawe, na Jumamosi akikaa katikati yetu sisi tuliomsema. Mwishowe alipanda basi hadi Biharamulo, ambako hakuna aliyemfahamu, akakutwa na kifua kikuu. Matibabu ni miezi sita. Nauli ya kwenda na kurudi kufuata dawa aliitoa kwenye akiba yake, ndiyo maana tuliona hisa zake zimepungua, na hata hilo nalo tulilisema.

Tulipojua ukweli tulikwenda kuomba radhi, watatu, wala si kikundi kizima. Alitukaribisha vizuri, akatupa chai. Hapo ndipo tulipojifunza swali dogo ambalo sasa tunaulizana mtu akianza: "Wewe umemwuliza mwenyewe?" Mara nyingi jibu ni hapana, na maongezi hugeukia maharage. Si kila mara. Wapo wanaonuna na kusema tumekuwa watakatifu.

Mwenzetu alimaliza dawa, akapona, akanenepa. Sketi ile ilibidi ifunguliwe mshono wa kiunoni tena. Alirudi kikundini na ananunua hisa kama zamani, lakini sketi aliipeleka kwa fundi wa Nyakahura.