Gari la Mkazi Anayerejea: Barua kwa Forodha

Tumtazame mwenyeji wa Kisumu aliyefanya kazi Uingereza miaka sita, akarejea nyumbani na vyombo vyake na gari lake. Vyombo vimekwisha kuachiliwa Mombasa, gari limezuiliwa. Alilinunua 10 Machi 2023, akalikabidhi kwa wasafirishaji 20 Februari 2024, nalo likashuka bandarini 5 Aprili. Kwa hesabu yake amelimiliki miezi kumi na mitatu takriban. Kwa hesabu ya forodha ni miezi kumi na moja na siku chache.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, katika Jedwali la Tano, humsamehe ushuru mtu anayehamishia makazi yake huku: nguo, vyombo vya nyumbani alivyovitumia kule, na gari moja alilolimiliki na kulitumia mwenyewe nje ya nchi za Jumuiya kwa muda usiopungua miezi kumi na miwili. Siku za safari ya melini hazihesabiwi. Lau angelingoja wiki tatu kabla ya kulipakia, hoja hii isingalizuka. Hakuna ufasaha wa barua utakaoziba pengo hilo.

Ambaye miezi yake imetimia, barua yake na iwe fupi, na kila tarehe ishikamane na karatasi. Aandike: “Nilinunua gari hili tarehe fulani, kama ionyeshavyo stakabadhi ya mauzo, nililitumia hadi tarehe fulani, nilipolikabidhi kwa msafirishaji, niliwasili Kenya tarehe fulani, kama ulivyo muhuri wa pasipoti.” Stakabadhi ya mauzo ndiyo inayosahauliwa mno. Wengi huambatisha kadi ya usajili ya Uingereza peke yake, hali kadi hiyo yenyewe yasema kwamba si uthibitisho wa umiliki. Humtaja tu mwenye dhamana ya gari. Jina la mwombaji lazima lilingane katika stakabadhi, kadi, hati ya shehena na pasipoti. Mama aliyebadili jina kwa ndoa aongeze cheti cha ndoa.

Mizigo nayo hutakiwa ifike pamoja na mwenyewe au ndani ya siku 90 tangu awasili. Kamishna aweza kurefusha muda huo, usizidi siku 360; basi anayechelewa aombe nyongeza waziwazi katika barua hiyohiyo, na ataje kilichomchelewesha.

Kuna mambo mawili ambayo msamaha hauyagusi. Gari lililopita miaka minane halipiti viwango vya Kenya, hata likiwa limesamehewa ushuru. Na gharama ya kuhifadhi bandarini huendelea kukua barua inaposubiri jibu, kwa kuwa hiyo si ushuru. Kwa mtu aliye Kisumu, mbali na bandari, ni heri karatasi zote ziwe mikononi mwa wakala wa forodha kabla meli haijatia nanga.