Usitoe Ufunguo Bila Barua



Mtu akiacha kazi shambani au kiwandani, huagana na wenzake kwa siku moja. Lakini nyumba ya kampuni bado iko mkononi mwake, na hapo ndipo fedha zetu nyingi zinapopotea.

Tunamjua ndugu mmoja aliyefanya kazi miaka 11 katika kiwanda cha chai nchini Kenya. Alipopewa nyumba aliweka amana ya shilingi 4,500. Aliacha kazi tarehe 31 Machi. Tarehe 6 Aprili alihamisha vyombo, akamwachia askari wa lango ufunguo, akapanda basi kwenda kwao. Aliporudi kudai amana, karani alimfungulia kitabu: nyumba imepokelewa tarehe 28 Aprili. Alitozwa kodi ya siku 22, tena akatozwa rangi ya ukuta na kitasa kibovu. Amana yote ikaisha, naye hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata katika mshahara kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kifungu hicho kinahusu mshahara, nasi tunaona kipimo hicho ndicho cha haki kwa amana pia. Ukuta ulioingia moshi wa jiko kwa miaka 11 umechakaa tu. Kioo tulichokivunja kwa ugomvi, hicho tukilipe.

Basi, kabla ya kuhama, andika barua kwa nakala mbili:

"Kwa Meneja. Mimi, mfanyakazi namba …, nimeacha kazi tarehe 31 Machi. Nitakabidhi nyumba namba … tarehe 6 Aprili, saa 4 asubuhi. Naomba mtu wa ofisi aje tuikague pamoja, mwakilishi wa chama akiwepo. Amana yangu ni shilingi 4,500, risiti namba …. Kama kuna makato, naomba niandikiwe kila kitu na bei yake."

Nakala moja igongwe muhuri wenye tarehe, ubaki nayo. Siku ya kukabidhi, kagueni vioo, kitasa na bomba, muandike yaliyoonekana, mtie sahihi wote, ndipo utoe ufunguo. Ofisi ikikataa kutia sahihi, mwakilishi aandike saa na tarehe, atie sahihi kama shahidi.

Wako wanaosema barua kama hiyo humuudhi meneja. Sisi hatukubali. Kampuni haitoi hata jembe bila sahihi. Kwa nini sisi tutoe nyumba kwa mdomo? Wala barua haituongezei siku: tukipitisha tarehe tuliyoiandika wenyewe, kodi ya siku hizo ni halali.

Mwenzako anayeacha kazi mwezi huu, msaidie kuiandika leo.