Vifupisho vya Hesabu za Migodi Visibatizwe Upya

Imani imeenea kwamba taarifa ya fedha haijawa ya Kiswahili mpaka kila kifupisho chake kipewe herufi mpya. Imani hiyo inapotosha, na ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita unaonyesha sababu.

Kampuni zinazomiliki Mgodi wa Dhahabu wa Geita na ule wa Bulyanhulu hutangaza gharama ya kila wakia kwa kipimo cha AISC, kilichotolewa na Baraza la Dhahabu la Dunia mwaka 2013. Kipimo hicho hujumlisha gharama za kuchimba na kuchenjua, mrabaha, fedha za kurejesha mazingira, na mtaji wa kuufanya mgodi uendelee kuzalisha kwa kiwango kilekile. Hakihesabu kodi ya mapato, riba ya mikopo wala mtaji wa upanuzi.

Mfasiri mmoja akiandika “gharama jumuishi za kudumisha uzalishaji” atapata GJKU. Mwenzake akichagua “gharama zote endelevu” atapata GZE. Msomaji wa taarifa zote mbili atadhani ni vipimo viwili tofauti, na hakuna hata kimoja atakachokikuta katika taarifa asilia akitaka kuhakiki. Mbaya zaidi, “gharama zote” si kweli.

Tuseme mgodi una AISC ya dola 1,300 na unauza wakia kwa dola 2,000. Diwani anayesoma “gharama zote” atahesabu dola 700 kuwa faida, kisha atashangaa faida iliyotangazwa ni ndogo kuliko hiyo. Kumbe ndani ya zile 700 bado kuna kodi, riba na upanuzi. Na katika hesabu ya faida, uchakavu wa mitambo nao hukatwa kwa kanuni zake.

Watetezi wa herufi mpya hutaja UKIMWI na TAKUKURU. Mifano hiyo ni sahihi, lakini ilienea kwa sababu ilipitishwa rasmi na kutumiwa na watu wote kwa namna moja. AISC haijapata jina kama hilo.

Njia sahihi ni fupi. Kifupisho kibaki kama kilivyo. Kinapotajwa mara ya kwanza kifuatwe na maelezo ya Kiswahili: “AISC, yaani gharama ya kuzalisha wakia moja pamoja na mtaji wa kudumisha mgodi, kabla ya kodi ya mapato na riba.” Baada ya hapo AISC itumike peke yake, na jedwali la vifupisho liwekwe mwanzoni mwa taarifa, likionyesha kilichomo na kisichomo. Pale jina la Kiswahili linapokubalika tayari, kama Kodi ya Ongezeko la Thamani, litumike hilo.

Herufi za kubuni hazimwelezi msomaji chochote, na humkatia njia ya kurudi kwenye hesabu zenyewe. Mfasiri anayezitunga aache.