Barua ya Kujiuzulu Si Mistari Miwili

Kuna ushauri unaozunguka miongoni mwetu waunda programu hapa Nairobi: ukipata kazi mpya, andika mistari miwili, tia sahihi, ondoka. "Wao wangekufuta bila huruma," wanasema. Nimeusikia tena wiki hii, maana nimekubali kazi kwingine na barua yangu tayari iko mezani kwa meneja. Naupinga ushauri huo, na wala sio kwa sababu ya adabu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 35, inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba wake umeweka muda mrefu zaidi. Kifungu cha 36 kinakuruhusu ulipe mshahara wa siku hizo badala ya kuzitumikia, lakini wangapi wetu tuna pesa hizo? Basi utakuwa pale siku 28. Usipoweka mpango wako kwenye barua, meneja ataweka wake, na wake ni kumaliza ile sehemu mpya aliyoahidiwa mteja. Siku ya 27 bado unaandika msimbo ambao hakuna mwingine ameusoma, halafu mwezi unaofuata simu inayolia ni yako.

Hii hapa barua yangu, nikiwa nimeondoa majina:

"Kwa Bi. Meneja,
MINT: KUJIUZULU
Naomba kukuarifu kwamba najiuzulu kazi ya uundaji programu. Notisi yangu inaanza leo tarehe 2 Machi, na siku yangu ya mwisho ni tarehe 30 Machi.
Nakushukuru kwa kunikabidhi mfumo wa malipo nikiwa na mwaka mmoja tu wa kazi, na kwa kuketi nami usiku ule tulipouhamisha kwenye seva mpya.
Wiki ya kwanza nitaandika orodha ya kila kitu kinachoendeshwa kwa jina langu na kukihamishia kwa jina la kampuni. Wiki ya pili na ya tatu mwenzangu utakayemteua atafanya kazi zangu, nami nikiwa kando yake. Wiki ya nne nitajibu maswali tu. Naomba nisipewe kazi mpya baada ya tarehe 6.
Wako mwaminifu."

Ni hayo tu. Wiki ya kwanza ndiyo yenye uzito, na watu huiruka kwa kudhani msimbo ukiwa kwenye Git kila kitu kimekabidhiwa. Git haijui kazi zinazojiendesha usiku. Kwetu kuna hati inayolinganisha malipo ya M-Pesa na ankara kila saa nane usiku, nayo ilikuwa kwenye ratiba ya akaunti yangu ya seva. Idara ya mitambo ikifuta akaunti hiyo siku nikiondoka, jinsi inavyopaswa kufanya, hati haitaendeshwa tena. Hakuna ujumbe wa kosa utakaomfikia mtu. Kwenye kumbukumbu za seva ya Debian huenda ukaonekana mstari wenye neno `ORPHAN`, na nani husoma kumbukumbu hizo? Dalili ya kwanza itakuwa mteja analalamika kwamba amelipa na bado anadaiwa. Kujua ni akaunti za nani zina ratiba kama hizo ni suala la dakika moja:

```
crontab -l
sudo ls /var/spool/cron/crontabs
```

Amri ya pili inaorodhesha kila mtumiaji mwenye ratiba. Ukiona jina la mtu aliyeondoka zamani, hapo pana jambo la kuchunguza.

Kuhusu wiki ya pili: hati ya maelezo ya kurasa arobaini si makabidhiano. Mpe mwenzako kompyuta isiyo na faili zako, akae, apandishe toleo jipya kwenye seva kuanzia mwanzo. Wewe usiguse kibodi. Kila anapokuuliza swali, jibu lake ndilo lililokosekana kwenye maelezo. Liandike papo hapo. Akimaliza bila kukuuliza, mmekabidhiana.

Sasa mambo mawili ambayo nimeyaacha nje kwa makusudi. La kwanza, maneno ya siri. Barua hii itawekwa kwenye faili la idara ya wafanyakazi, itapigwa nakala, itasomwa na watu usiowajua. La pili, ile sentensi ya "nitapatikana wakati wowote mkinihitaji." Jamani, mwajiri mpya ananilipa kwa saa hizo hizo! Maswali yana wiki nzima ya nne.

Na shukrani? Wapo wanaosema ni unafiki. Shukrani ya jumla ni unafiki kweli, ile ya "fursa adhimu" iliyonakiliwa kwenye mtandao. Mimi nimetaja usiku mmoja uliotokea kweli. Kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri anipe cheti cha utumishi, lakini hakimlazimu kunisifu. Sifa ni hiari yake, na meneja huyu nitamwomba siku moja aniandikie.