Nyumba ya "milele" ina bei yake

Wadau, kuna kauli moja ya madalali wa Dar inayonichosha: "Bosi, hii nyumba itakulipa kodi milele, sasa milele unaipigaje hesabu?" Mnunuzi anakosa jibu, anakubali milioni 120. Wakati milele inapigiwa hesabu kwa mstari mmoja, na aliyemaliza kidato cha nne anaweza.

Anza na malipo yasiyokua. Mwaka 1648 bodi moja ya maji ya Uholanzi, Lekdijk Bovendams, ilikopa fedha na kuahidi kulipa riba bila kikomo. Chuo Kikuu cha Yale kilikuja kuinunua karatasi ya deni hilo, na mwaka 2015 kilikwenda kuchukua riba ya miaka 12: euro 136.20. Ni euro 11.35 kwa mwaka. Je, ahadi hiyo ya milele ina thamani gani? Jiulize tu ni kiasi gani ukiweke benki ili riba yake peke yake iwe euro 11.35 kila mwaka, bila kugusa mtaji. Kwa riba ya asilimia 4 ni 11.35 ÷ 0.04, yaani kama euro 284. Basi! Milele nzima haifiki euro 300. (Yale walilipa zaidi ya hapo kwa mbali, lakini wao walikuwa wananunua kumbukumbu ya historia.)

Sasa turudi Tabata. Tuseme nyumba inapangishwa kwa 400,000 kwa mwezi. Toa mwezi mmoja wa kukaa bila mpangaji, inabaki 4,400,000 kwa mwaka. Toa kodi ya serikali ya asilimia 10, kisha 360,000 za rangi, mabomba na bati. Mfukoni inaingia 3,600,000. Hii ndiyo namba ya kutumia, siyo ile 4,800,000 ya dalali.

Kwa riba nitatumia asilimia 12, karibu na ile ambayo hatifungani ya serikali ya miaka 20 ilipewa mwaka 2022. Kama kodi haipandi, thamani ni 3.6 ÷ 0.12, yaani milioni 30. Dalali atapiga kelele kwamba kodi inapanda, na hapo ana haki. Ikipanda asilimia 5 kila mwaka, huwezi kula riba yote. Sehemu ya asilimia 5 uiache ikuze mtaji, ili malipo ya mwakani yawe makubwa zaidi. Unachokula ni asilimia 7 tu. Ndiyo maana kanuni inakuwa hivi:

Thamani = C ÷ (r − g)

C ni malipo ya mwaka wa kwanza, r ni riba, g ni kasi ya kupanda. 3.6 ÷ 0.07 ni kama milioni 51.4.

Ubishi wote umejificha kwenye hiyo g. Igeuze kanuni uone muuzaji wa milioni 120 anadai nini: 3.6 ÷ 120 ni asilimia 3, kwa hiyo g yake ni asilimia 9, kila mwaka, bila kuisha. Kwa mwendo huo kodi ya 400,000 itakuwa zaidi ya milioni 12 kwa mwezi baada ya miaka 40. Tabata ile ile, choo kile kile! Na mtu akikupa g inayolingana na r au kuizidi, kanuni inakufa kabisa. Hiyo haimaanishi nyumba haina bei. Inamaanisha amedhani jambo lisilowezekana, kwamba kodi itaikimbia riba hadi kiama.

Kuna msomaji atasema hati zetu si za milele, zina miaka 33, 66 au 99. Kweli, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua thamani ya milele, ondoa sehemu inayoanza baada ya hati kuisha:

Thamani = C ÷ (r − g) × [1 − ((1 + g) ÷ (1 + r))^n]

Kwa namba zetu, hati ya miaka 99 inakupa pungufu ya milele kwa kama shilingi 86,000 tu. Miaka 99 na milele ni kitu kimoja, kwa sababu fedha ya mbali hivyo leo haina uzito. Lakini hati ikibaki na miaka 33, thamani inashuka hadi milioni 45.3, kama milioni 6 zimeyeyuka. Tena hapo nimechukulia kwamba kuta zitakuwa bado zimesimama. Kwa hiyo kabla ya kubishana bei, omba hati na usome imebakiza miaka mingapi. Dalali mara nyingi atasema iko kwa mwenye nyumba.