Mwalimu, omba faili lenyewe

Na Njeri Kamande

Mwalimu mmoja wa hesabu hapa Witeithie, anayefundisha Kidato cha Nne katika shule ya kutwa, alinionyesha barua aliyotaka kumtumia mtayarishaji wa video za masomo kwenye YouTube. Ilikuwa na adabu tele, lakini ombi lenyewe lilikuwa sentensi moja: anaomba kutumia video hizo na wanafunzi wake. Nilimsihi asiitume kwanza.

Kutumia vipi? Kuonyesha darasani kwa projekta ni jambo moja. Kunakili kwenye flashi na kuweka kwenye kompyuta za shule ni jingine. Kumpa kila mwanafunzi nakala kwenye memori kadi aende nayo nyumbani, ambako hakuna pesa ya bando, ni jingine tena. Mwenye video akijibu "sawa", hatujui amekubali lipi.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inakubali ruhusa ya kawaida ya aina hii hata ikitolewa kwa mdomo. Ila pasipo mkataba, mwenye kazi anaweza kuiondoa wakati wowote. Kwa hiyo maneno ya simuni si bure, lakini mwalimu akihamishwa, atakayempokea hana cha kuonyesha. Jibu na liwe la maandishi.

Kuna kikwazo kingine ambacho walimu wengi hawakifikirii. Masharti ya YouTube yanakataza kupakua video kwa njia ambazo mtandao huo haukuziruhusu, na ndizo zile programu za pembeni tunazozijua sote. Upakuaji wa ndani ya programu yake nao haufai darasani: video inabaki humo humo, haihamishiki kwenye flashi, na simu lazima irudi mtandaoni mara kwa mara. Ndiyo maana nasema mwalimu aombe faili lenyewe. Mtayarishaji anaweza kulitoa kwenye kompyuta yake, au afungue YouTube Studio na kupakua video yake mwenyewe kama MP4. Kisha flashi ipande matatu hadi Witeithie.

Mtayarishaji naye ana cha kupoteza, na barua nzuri hukizingatia. Mwenye chaneli changa anayetaka mgao wa pesa za matangazo kwa njia ya video ndefu hutakiwa kuwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Tuseme darasa lina wanafunzi 40 na video 30 za dakika 12. Kila mmoja akizitazama zote mara moja, hizo ni saa 240, na zikitazamwa nje ya mtandao hahesabiwi hata dakika. Kweli, wengi wao wasingezitazama kabisa kwa kukosa bando. Hata hivyo, hasara anayoiogopa zaidi ni nyingine: nakala ifike kwenye kundi la Telegram, mtu akate jina lake, aipakie upya kama yake.

Basi tuliiandika upya hivi:

"Mwalimu mwenzangu, shikamoo. Nafundisha hesabu Kidato cha Nne, Witeithie. Wanafunzi wangu 40 hawana mtandao nyumbani. Naomba mafaili ya video zako 30 za vekta, matriksi na uwezekano, ambazo nimeziorodhesha hapa chini. Nitayaweka kwenye kompyuta za shule na memori kadi za wanafunzi hawa tu, hadi mwisho wa mwaka huu. Sitakata jina lako wala utangulizi wa chaneli yako. Hatutauza, hatutatuma kwenye makundi, hatutapakia popote. Mwisho wa muhula nitakuandikia ni wangapi walizitazama na ni wapi walikwama. Kama kuna video yenye muziki au kazi ya mtu mwingine, tafadhali niambie niiache."

Sentensi hiyo ya mwisho si ya kupamba. Mtu hutoa ruhusa ya kilicho chake tu. Wimbo aliouweka nyuma ya sauti yake unaweza kuwa wa msanii, na swali la KCSE analolisoma kwenye skrini ni la KNEC. Mwenye video akisema ndiyo, hajasema kwa niaba yao.

Na akinyamaza? Kimya si ruhusa. Akumbushwe mara moja, kisha mwalimu aangalie kwingine. Video za Khan Academy zina leseni inayoruhusu kunakili na kugawa bila biashara, mradi mwenye kazi atajwe na leseni ifuatwe. Programu ya bure ya Kolibri huzipakua mara moja kwenye kompyuta moja, kisha kompyuta nyingine za shule huzisoma kupitia waya au waifai ya humo ndani, bila intaneti. Mifano ya Khan Academy si ya mtaala wetu, kwa hiyo mwalimu atalazimika kuchagua video moja moja na kuoanisha kila moja na mada yake kabla ya kuingia darasani.