Zawadi kwa Baba Asiyetaka Kitu

Jumapili ya tatu ya mwezi wa Juni ndiyo Siku ya Akina Baba. Kijana mmoja wa Sigor, huko Bomet, alinijia na shida yake: baba yake kila akiulizwa atakacho hujibu, "Sina haja." Shati alilonunuliwa mwaka jana lingali sandukuni na pini zake.

Jawabu langu ni hili. Mzee wa namna hiyo hakatai kupendwa. Akataacho ni kufanywa bwana arusi nyumbani mwake. Basi mpe kile akitumiacho siku zote, bila ya hotuba. Kwa mzee wa Kipsigis hicho ni mursik, yaani maziwa yaliyolazwa kibuyuni.

Anza Jumatatu. Safisha kibuyu, ukikaushe. Choma kijiti cha mti wa senetwet hadi kiwe kaa, ukisugue ndani mpaka kuta ziwe nyeusi, kisha ukung'ute majivu. Chemsha maziwa, yaache yapoe kabisa, ndipo uyamimine na kufunika barabara. Yaweke mahali pa baridi, usiyaguse. Jumapili mwaga maji yaliyojitenga, kisha tikisa mpaka maziwa yawe laini. Yakinuka uvundo badala ya moshi na uchachu, jua kibuyu hakikutakata; yamwage.

Mwandalie pamoja na ugali, nawe unyamaze. Akisogeza kikombe kutaka kingine, hiyo ndiyo shukrani yake. Wahenga walinena: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.